Mwalimu Asiyetamka

Kila asubuhi tulimwamkia mwalimu wetu wa Kiingereza shikamoo, naye akatuitikia "malahaba", nasi tukauma midomo tusicheke. Alikuwa mtu wa bara. Herufi r na l kinywani mwake zilibadilishana viti zitakavyo, na sisi watoto wa Msambweni, tunaojiona tumezaliwa na lugha mkononi, tulimwiga njia nzima mpaka majumbani. Mimi nilikuwa kinara wa kumwiga, sikatai.

Huyo ndiye aliyepewa kidato cha nne atufundishe matamshi. Nani angeamini? Tena matamshi yenyewe hutahiniwa kwa kalamu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa taifa haina sauti wala msomaji. Unapewa maneno manne kimya kimya, unaulizwa ni lipi ambalo irabu yake haifanani na za wenzake, au ni silabi gani yenye mkazo. Spika ya kompyuta ya ofisini ilikuwa imekufa zamani, na simu zilipigwa marufuku shuleni. Tulikuwa na kamusi tu, na yeye.

Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Kinywa changu msikiige. Kina makosa, nami nayajua."

Hapo sikucheka. Sijawahi kumsikia mtu mzima mwingine akisema hivyo, na mimi nimekulia katika nyumba ambayo baba hakosei hata akikosea.

Basi akatufundisha bila kutamka. Alibandika makaratasi makubwa ukutani, kila karatasi nyumba ya sauti moja, na kila nyumba ina mwenyewe, neno ambalo hakuna asiyelijua. Kulikuwa na nyumba ya car na nyumba ya bird. Tukikutana na neno geni, tunafungua kamusi, tunatazama zile alama za sauti, kisha tunalipeleka kwao. Heart likaenda kwa car, hata kama tahajia yake inakudanganya kwamba ni ndugu wa heard. Heard lenyewe likaenda kwa bird, na hurt, na word, na learn. Masikio yetu ya Kiswahili yana irabu tano tu, alituambia. Nyumba hizi mbili kwetu husikika kama moja, zote ni "a" tupu. Kwa hiyo usiliulize sikio, uliza neno hili linakaa na nani.

Mkazo nao tuliusoma kwa vifundo vya vidole. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unataka kulifanyia vivyo hivyo kila neno la Kiingereza. Akatuonyesha kile kijialama cha kamusi, kijiti kidogo kinachosimama kabla ya silabi yenye mkazo, kisha tukagonga dawati: pigo zito penye mkazo, mapigo mepesi kwingine. Present, ile zawadi, zito kisha jepesi. Present, kule kukabidhi, jepesi kisha zito. Darasa zima tulikuwa kimya, tunagonga tu. Mwalimu wa hisabati wa jirani alikuja mara moja kutuuliza kama tunatengeneza jeneza.

Wallahi nilianza kumpenda mtu yule. Nilitaka uuguzi, na bila alama nzuri ya Kiingereza chuo cha uuguzi ningekiona kwa dirisha. Kwa mara ya kwanza maswali yale niliyapata yote.

Kumbe baba ana lake. Baba yangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya Diani miaka mingi, na Kiingereza chake alikipata kwa wageni, jambo alilolitaja kila alipopata upenyo. Alisikia watoto wakimwiga mwalimu barabarani, mimi nikiwamo, akawaka. Akawakusanya wazazi wenzake: ati watoto wetu wanafundishwa matamshi na mtu asiyejua kutamka wali kwa Kiingereza, rice anaiita lice! Wakaomba mkutano. Walitaka mwalimu aondolewe kidato cha nne, na mtihani ulikuwa umebaki wiki chache. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa Kiingereza wa kutushika. Nilimweleza baba nikalia. Akaniambia mtoto hajui kinachomfaa.

Siku ya mkutano tuliketi nyuma ya wazazi. Baba alisema maneno yake, makali lakini kwa adabu. Mwalimu hakujitetea. Aliandika ubaoni hurt, heart, part, cart, akawaomba wazazi wachague lisilofanana na mengine. Loo, pakawaka moto! Mmoja akasema ni heart, maana lina e. Mwingine akasema yote sauti moja, swali lenyewe bovu. Mama mmoja aliyatamka yote manne mara tatu, akazidi kuchanganyikiwa. Sisi tuliandika jibu kwenye vikaratasi, mwalimu mkuu akavikusanya na kuvisoma: hurt, hurt, hurt, mpaka cha mwisho.

"Wamekariri," baba akasema. "Mimi namtaka mwalimu atamke mwenyewe."

Akafungua kitabu cha darasani, akaweka kidole kwenye neno: character.

Mwalimu alilitazama. Angeweza kukataa, na sidhani kama yupo ambaye angemlaumu. Akatamka: "Ka-LAK-ta."

Wazazi wakacheka. Baba hakucheka, alitikisa kichwa tu, akamsahihisha kama alivyozoea kumsahihisha mhudumu mgeni jinsi ya kushika sinia: "Ka-RAK-ta, mwalimu. Ni r."

"Ahsante, mzee," mwalimu akasema. Kisha akanigeukia mimi. Nilijua anachotaka. "Mtahini hatatusikia sisi wawili. Simama, tuambie mkazo uko wapi."

Wote wawili walikuwa wamekosea. Mwalimu alilijua kosa lake, hilo nililiona usoni mwake. Baba hakulijua lake. Kwetu mtoto hamkosoi mwalimu mbele ya watu, sembuse baba yake mzazi. Nikasimama. Niliwaomba radhi wote wawili, maana sikujua kuanza vingine. Nikainama, nikagonga benchi kwa vifundo: moja zito, mawili mepesi.

"Nini hiyo?" baba akauliza.

"Mkazo uko mwanzo, baba. KA-rak-ta. Mwalimu amekosea." Nikagonga tena. "Na wewe pia, baba, umekosea. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Mwalimu mkuu alifungua kamusi, akatafuta, akamsogezea baba. Baba akatoa miwani. Aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu, kidole chake kikakipata kile kijiti kidogo mbele ya neno. Kisha, taratibu, akagonga meza kwa kifundo chake: zito, jepesi, jepesi. Akagonga tena. Nilimwona akilisema neno lile kwa midomo tu, kama mwanafunzi.

Nilidhani atanivuta sikio tukifika nyumbani. Aliifunga kamusi, akainuka, akapita katikati ya wazazi mpaka alipokuwa amesimama mwalimu. Baba alikuwa na mvi kichwa kizima, na mwalimu yule alikuwa rika la kaka yangu. Baba akampa mkono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Mwalimu alitutazama sisi, akamtazama mwalimu mkuu, hajui aitikie au akimbie. Macho yalimjaa machozi.

"Malahaba, mzee," akaitika, na chumba kizima hakuna aliyecheka.