Matofali ya Pembeni ya Tanuru

Mume wangu alipokufa, shemeji zangu walinifukuza katika nyumba tuliyoijenga pamoja. Sijawasamehe. Niliuza samaki hapa Kalemie mpaka nikapata kiwanja na pesa ya kujenga mara moja tu.

Papa Ruben, mchoma matofali, alinionyesha tanuru lake. "Mama Bijou, chukua yote, nyumba itaisha."

"Shemeji zangu nao walisema tamu hivyo kabla ya kunifukuza," nikamjibu.

Mimi na fundi Banza tulikuwa tumeshapanga chini, kama kipimo, mita moja ya mraba ya ukuta, tukiacha nafasi ya udongo wa kuunganisha. Tulihesabu matofali ya mita hiyo, tukazidisha kwa mita za mraba za kuta zote, tukatoa milango na madirisha, kisha tukaongeza moja kwa kila kumi kwa yale yatakayovunjika.

Nikagonganisha matofali ya Papa Ruben. Ya ndani yalilia kama chuma. Ya pembeni yalinyamaza, kwa maana moto haukuyafikia, na mvua ingeyayeyusha.

"Hayo siyahesabu."

Akacheka kwamba najifanya mhandisi. "Mama, wewe njo injeniya?"

"Hapana. Mimi njo mwenye kulala ndani."

Bila ya pembeni, hesabu haikufika. Kama ningeanza, kuta zingeishia usawa wa madirisha na mvua ingenikuta. Nililipia yaliyoiva, nikatenga pesa ya yaliyopungua, ayachome katika tanuru la pili. Simenti ya musingi sikununua bado, maana ikingoja kwenye unyevu inaganda. Tanuru la pili lilipopoa, ndipo tukachimba musingi.

Leo mabati yako juu, na ufunguo wa mlango ninao mimi peke yangu.