Goreth Awapeleka Watoto Ziwani

"Safari hii naipanga mimi," Goreth alimwambia mumewe.

Nestori hakubisha. Mwaka uliopita, mwaka tisini na nne, yeye ndiye aliyewapakia kwenye lori alfajiri, wakaunganisha moja kwa moja kutoka Mpanda hadi Kapalamsenga, kijijini kwa mama yake, kando ya Ziwa Tanganyika. Binti yao Odeta alitapika njia nzima. Mdogo wake, Didace, alilia mpaka sauti ikakauka, na bibi yao aliwapokea wakiwa hoi.

Goreth alikuwa fundi cherehani pale Kawajense, mjini Mpanda, na nguo hakati kabla ya kupima. Aliamua safari waigawe: kwanza kipande kifupi hadi Kabungu, walale kwa dada yake Ernestine, kisha ndipo wamalizie. Akabeba uji kwenye chupa ya chai, viazi vya kuchemsha na maharage makavu, kwa kuwa Odeta akila samaki midomo humvimba.

Kule Kabungu, asubuhi ya pili, lori walilolisubiri halikutokea mpaka jua la utosi. Didace alikuwa ndio kwanza amesinzia, jasho limemtoka puani.

"Mama, pandeni!" dereva Kasimu aliita. "Sirudi tena leo."

"Mwamshe tu," Nestori alimhimiza mkewe. "Atalala humo humo."

"Juu ya magunia, kwenye vumbi hili? Nenda salama, kaka Kasimu. Sisi tutapanda kesho."

Lori likaondoka. Nestori alinuna kidogo, lakini jioni akajikuta akicheka na wanawe uani kwa shemeji yake. Kesho yake walipata gari mapema, watoto wameshiba, na Goreth aliomba lisimame kila Odeta alipobadilika uso. Walifika Kapalamsenga wakiimba.

Mama mkwe, Bibiana, alikuwa tayari ameandaa migebuka, na orodha ya ndugu wa kuwasalimia ilimjaa kichwani.

"Samaki hapana, mama. Odeta wanamdhuru."

"Mjukuu wangu, wa ziwani, asile samaki?"

"Nimekuja na maharage, mama. Tuyapike kwenye sufuria nyingine. Na kwa ndugu twende watoto wakishalala mchana wakaamka, nyumba moja leo. Wakichoka, tutarudi."

Bibiana akamgeukia mwanawe. Nestori akasema, "Msikilize, mama. Mwaka jana uliona mwenyewe."

Bibi akafunika migebuka yake, akainjika maharage.

Mchana Goreth alitandika mkeka chumbani, akawalaza watoto. Odeta alikataa kufumba macho mpaka bibi alale naye. Bibiana akajilaza pembeni, kumbembeleza tu, alisema, maana kazi zinamngoja.

Goreth alipochungulia baadaye, wote watatu walikuwa wanakoroma. Mlangoni akapiga hodi jirani aliyetumwa na ndugu kuwafuata waende kusalimia.

"Samahani, shemeji," Goreth alimnong'oneza, akifunga mlango polepole. "Waambie tutakuja jioni. Hata bibi kalala."