Riba Ilipobaki Palepale

Mwaka ule bei zilipanda huku biashara zikilala, nami nilikuwa mchumi wa benki kuu. Kutoka kwetu kijijini Kibirichia, mama alipiga simu akitaka tuteremshe bei. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, alitaka tushushe riba, maana wateja walipotea na mkopo ulimkaba. Kana kwamba riba ni bomba la jikoni kwangu.

Nilimweleza kila mmoja. Tukipandisha riba, watu watakopa na kununua kidogo, bei zitapoa polepole, lakini karakana ya kaka itafungwa. Tukishusha, karakana itapumua na bei zitazidi kupaa. Tena kilichoanzisha haya ni dizeli na mbolea za ng'ambo, na riba haichimbi mafuta.

Kamati ya benki inayopanga riba iliiacha ilivyokuwa, kama nilivyopendekeza. Simu za nyumbani zikakoma.

Krismasi nilienda nyumbani. Mama alinipakulia viazi vya kuchemsha, kwa sababu mafuta ya kupikia alishaacha kununua. Kaka hakuja.

“Anasema ulinisikiliza mimi,” mama alisema. “Na mimi nilidhani ulimsikiliza yeye.”