Picha Mbili za Mwalimu

Mwalimu alistaafu mwaka ambao mgongo ulikataa kusimama mbele ya ubao. Hesabu hazikukataa. Wanafunzi walimfuata kwa simu. Walipiga picha karatasi zao, wakatuma, naye akazifanya mezani jikoni, akawarudishia picha ya majibu na maelezo kwa sauti. Hakuwatoza kitu. Mumewe, fundi seremala, alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na kupitia dirisha alimsikia mkewe akiongea na simu mchana kutwa kana kwamba darasa zima limejaa humo.

Kisha hofu ikaingia nyumbani.

Ilianza kidogo. Siku moja aliweka chumvi kwenye chai. Siku nyingine alimwambia mwanafunzi kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, naye mwanafunzi, kwa adabu, akanyamaza. Mwalimu aliligundua kosa kesho yake akiosha vyombo, sahani ikamponyoka. Hakumwambia mtu. Binti yao, muuguzi, aliposema, "Mama, twende ukapimwe kichwa," alicheka na kubadilisha mazungumzo. Lakini moyoni alijiwekea sharti: akikosea tena mara moja tu, ataacha. Hatampotosha mtoto wa mtu kwa kichwa kibovu.

Asubuhi ile, saa tatu na nusu, zikaingia picha mbili. Zilitoka kwa msichana wa chuo cha ufundi aliyekuwa na mtihani wa marudio saa nane mchana. Akishindwa, anafukuzwa.

"Mwalimu shikamoo. Zidisha hizi matriki mbili, nilinganishe na jibu la mwenzangu. Mimi leo roho iko mkononi."

"Marahaba. Irudishe kifuani, utaihitaji saa nane," alimjibu.

Picha zilikatwa ovyo, juu hakuna herufi za kuzitaja, ni majedwali mawili ya namba ndani ya mabano tu. Mwalimu alichukua karatasi. Kabla ya kugusa namba alihesabu safu, kama alivyowafundisha wote. Picha ya kwanza kufika: safu mbili za kulala, tatu za kusimama. Akaandika 2 kwa 3. Ya pili: tatu za kulala, mbili za kusimama. Akaandika 3 kwa 2. Akazungushia duara namba mbili za katikati, 3 na 3. Zimelingana, kuzidisha kunawezekana. Zilizobaki pembeni ni 2 na 2, kwa hiyo jibu litakuwa na safu mbili kwa mbili, namba nne basi.

Matriki ya kwanza ilikuwa na 1, 2, 0 juu, na 3, 1, 4 chini. Ya pili ilikuwa na 2, 1. Kisha 0, 5. Kisha 1, 2. Akaiweka ya kwanza kushoto, akachukua safu yake ya kwanza ya kulala, akaikutanisha na safu ya kwanza ya kusimama ya ile ya kulia. Moja mara mbili, mbili. Mbili mara sifuri, sifuri. Sifuri mara moja, sifuri. Jumla mbili. Akaenda hivyo taratibu, akirudia kila hatua mara mbili kwa sauti. Akapata 2 na 11 juu, 10 na 16 chini. Akatuma.

Jibu lilikuja haraka.

"Mwalimu, mbona mwenzangu ana namba tisa? Tatu kwa tatu. Na ndiye anayeongoza darasa."

Mwalimu aliweka simu mezani. Alirudia hesabu. 2, 11, 10, 16. Akarudia tena, safari hii kwa kidole. 2, 11, 10, 16. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba kosa linaweza kukaa kichwani likajirudia lile lile, likavaa sura ya ukweli, na yeye asilione.

Mumewe aliingia kutafuta maji. Alimkuta ameshika meza kwa mikono miwili.

"Mama, unaumwa?"

"Niache kidogo, Fundi."

Hakumwacha. Alisimama pale pale na kikombe kitupu.

Mwalimu akaiangalia saa. Saa nne na dakika tano. Akawaza amwandikie msichana kwamba amfuate mwenzake, yeye kichwa kimechoka. Vidole vilishaanza kuandika. Kisha akaitazama karatasi yake, zile 2 kwa 3 na 3 kwa 2, akasita. Akazigeuza. 3 kwa 2, halafu 2 kwa 3. Katikati, 2 na 2. Zimelingana pia. Pembeni, 3 na 3.

Namba tisa.

Alimpigia msichana.

"Binti, karatasi inasema ipi izidishwe na ipi? Ipi iko kushoto?"

"Ile ndefu, yenye safu tatu za kulala. Nilianza kutuma hiyo, ikakwama kwenye mtandao, hii nyingine ikaipita. Kwani ina shida? Tano mara sita na sita mara tano si kitu kimoja?"

"Kwa namba moja moja, ndiyo. Hapa kulia na kushoto hazifanyi kazi moja. Ya kushoto inatoa safu za kulala, ya kulia inatoa za kusimama. Ukibadilisha nafasi, wanaokutana ni wengine kabisa. Baba yako hakununua kabati kwa mume wangu?"

"Analo, Mwalimu. Zuri kweli."

"Muulize Fundi alilipiga msasa kwanza au vanishi kwanza. Kazi ni hizo hizo mbili."

Msichana alicheka. "Akianza na vanishi, msasa utaikwangua yote."

"Ndiyo hiyo. Na usijidanganye kwa sababu vipimo vya katikati vimekubali. Vipimo vinakwambia tu kwamba kuzidisha kunawezekana. Havikwambii kama ndicho ulichoulizwa. Hapa vimekubali pande zote mbili, moja ikazaa namba nne, nyingine tisa. Hata zingekuwa tatu kwa tatu zote mbili, majibu yangelingana ukubwa na bado kwa kawaida yangekuwa tofauti. Sasa fanya wewe, mimi nasikiliza."

Msichana akafanya. Tano, tano, nne. Kumi na tano, tano, ishirini. Saba, nne, nane. Mwalimu alikuwa akiandika pembeni, na kila namba ilimkuta ameshaiandika.

"Ni hizo hizo za mwenzangu."

"Nenda ukaoge, ule, uende."

Simu ilikatika. Mumewe akavuta kiti.

"Kwa hiyo hukukosea," alisema.

"Hesabu sikukosea."

"Basi mbona hufurahi?"

"Miaka thelathini na mmoja, Fundi, sijawahi kugusa kalamu kabla ya kuuliza ipi inatangulia. Ilikuwa kama kupumua. Leo sikuuliza. Wala sikukumbuka kwamba kuna kuuliza." Akakunja ile karatasi. "Naogopa. Naondoka kidogo kidogo, na mimi mwenyewe ndiye ninayejiangalia."

Mumewe hakwenda shule hata siku moja. Alinyanyuka, akampigia binti yao, akasema, "Njoo umpeleke mama yako." Mwalimu alimsikia, hakumkataza.

Hakuacha kufundisha. Daktari alimwambia afanye anachoweza maadamu anakiweza, naye alikiweza miezi saba zaidi. Fundi alihamishia kiti chake jikoni. Randa na misumari vikakaa bila kazi. Picha zikiingia, kabla mkewe hajashika kalamu, yeye ndiye aliyeuliza, "Ipi ya kushoto?" Mwalimu alimjibu kila mara, mpaka siku alipomtazama tu, akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemngoja mgeni ajitambulishe.