Samli ya Mwenye Boma

Mama alimtii daktari mpaka nukta ya mwisho, na kwa utiifu huo nusura atuulie Baba.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu nje kidogo ya Migori. Baba, mwalimu mstaafu, alibanwa na kifua kila alipopanda kilima. Tulimpeleka hospitali Homa Bay, damu ikatumwa kupimwa Kisumu, na majibu yakarudi: LDL, kolesteroli inayojijenga kwenye kuta za mishipa, iko juu. Daktari akatupa karatasi: maziwa, yoghati na jibini visivyo na mafuta. Jibini! Migori nzima sikujua duka lenye jibini hata ya mafuta.

Mama hakubabaika. Aligandisha maziwa ya ng'ombe wetu kibuyuni, akayasukasuka mpaka siagi ikajitenga. Baba akapewa mtindi mwepesi na chai ya maziwa yaliyoenguliwa. Alikunja uso, akanywa. Nami nilivyojiona mjuzi, nikamsifu Mama.

Miezi mitatu baadaye tulirudi. LDL ilikuwa imepanda kidogo. Niliogopa sana siku hiyo.

"Hiyo siagi mnapeleka wapi, mama?" daktari akauliza.

"Si nachemsha inakuwa samli."

"Na samli inakulwa na nani?"

Mama alimtazama kama mtu asiye na kwao. Kwetu samli ni ya mwenye boma. Mke akimnyima mumewe, atasemwa mpaka kisimani. "Ni ya mzee. Namwagia kwa mboga yake, kila siku."

Daktari hakucheka. Alisema mafuta yale hufanya ini lichelewe kuiondoa LDL kwenye damu, nasi tulikuwa tumeyatoa kikombeni tukayarudisha sahanini. Baadaye nilijifunza kwamba tulizidisha kosa: mafuta yakiwa bado ndani ya maziwa, yoghati au jibini, hayapandishi LDL sana kama yakishakuwa siagi au samli.

"Kwa hivyo ni mimi," Mama alisema.

"Nani alikuwa analamba sahani?" Baba akamjibu. "Usinipokonye kosa langu."

Tangu siku hiyo mboga ikapikwa kwa maziwa yaleyale mepesi na njugu karanga za kusaga. Samli ikauzwa sokoni, na kina mama kisimani wakasema walivyotaka. Mama, aliyechunga jina lake maisha yote, aliteka maji yake akarudi nyumbani.

Vipimo vya tatu nilivisoma mimi, pale kwenye benchi la hospitali. LDL ilikuwa imeshuka, tena vizuri. Mama akataka niisome tena, halafu tena. Kisha akamgeukia Baba, machozi yakimtoka waziwazi mbele za watu.

"Mzee, waache waseme nakunyima," alisema. "Nitaendelea kukunyima mpaka tuzeeke wote."