Kabichi za Felista

Mwalimu Scholastika alikuwa mtoto wa mkulima wa mboga wa mlimani juu ya Bigwa, karibu na Morogoro, na darasani alisimama kama mama yake alivyosimama shambani: kanga imefungwa kiunoni juu ya gauni, mikono haikosi kazi. Masista walimfundisha ualimu, na mwaka wa 1946 akapewa darasa la kwanza katika shule ya misheni huko huko mlimani. Kufikia mwaka wa 1953 alikuwa na darasa la tatu, watoto thelathini na nane, na penseli moja ya kusahihishia aliyoitunza kuliko viatu vyake.

Wenzake walisahihisha kwa wino mwekundu. Yeye aliuacha wino kwa sababu ya msichana mmoja aitwaye Regina. Mwaka wake wa pili kazini, Regina alimletea insha yenye makosa mengi, na Scholastika, kwa kutaka kusaidia, akaikata yote kwa wino mwekundu akaandika nyingine nzuri juu yake. Regina alishukuru. Tangu siku ile hakuandika tena sentensi yake mwenyewe; kila insha alingoja mwalimu aandike ubaoni, kisha akanakili, herufi safi, bila kosa hata moja. Alimaliza shule hivyo hivyo. Scholastika hakumwambia mtu, ila jambo lile lilimkaa moyoni.

Basi mwezi wa Agosti mwaka ule wa 1953, darasa la tatu liliambiwa liandike habari za kwenda sokoni Morogoro. Felista, binti wa Mama Rosa mkulima wa kabichi, aliandika hivi katikati ya ukurasa:

"Miguu zangu iritangulia sokoni mimi na baki nyuma na chunga kabichi."

Scholastika aliisoma, akacheka peke yake, akaisoma tena. Penseli ikabaki hewani. Aliona makosa, lakini aliiona na njia ile ya kuteremka mlimani, na kitoto kile chenye tenga kichwani.

Wakati wa mapumziko akamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, nisomee hii."

Felista akasoma. Alipofika "miguu zangu," mwalimu akamsimamisha.

"Mguu wangu mmoja. Nikiwa nayo yote miwili?"

"Miguu… yangu."

"Ehe. Umeisikia mwenyewe." Akalipigia mstari mdogo neno *zangu*, Felista akaandika *yangu* juu yake. Kwenye *iritangulia* alimwambia aseme neno pole pole, na mtoto akaisikia *l* yake. Kisha wakafika kwenye *na baki*.

"Haya maneno mawili ni neno moja, hayatengani. Halafu niambie, ulikwenda lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Miguu ilitangulia, Jumamosi. Wewe ukafanya nini?"

"Nikabaki nyuma."

"Andika hivyo. Na huku umebaki, ulikuwa unafanya nini?"

"Nikichunga kabichi," alisema Felista, akaandika, na mwalimu akaongeza mkato mmoja baada ya *sokoni*.

Hapo penseli ikasita juu ya neno *chunga*. Watu huchunga mbuzi, kabichi hubebwa. Mkono wake ulitaka kuandika *nikibeba*. Badala yake akauliza, "Kwa nini unazichunga?"

Felista alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la ajabu. "Zinataka kukimbia, Mwalimu. Lile teremko la mtoni, ukiinama kidogo tu moja inaruka kutoka kwenye tenga, inaviringika mpaka chini. Mama anasema hesabu kichwa chako na vichwa vyao."

Scholastika akaiondoa penseli. "Basi acha *chunga* mahali pake."

Sentensi ikawa hivi: "Miguu yangu ilitangulia sokoni, mimi nikabaki nyuma nikichunga kabichi." Felista aliisoma mara tatu kwa sauti, akicheka kila mara, maana ilikuwa yake bado.

Mwalimu Mkuu, Benedikto, hakucheka. Alikuwa mtu mwema na mkali wa Kiswahili, na ndiye aliyechagua insha moja ya kusomwa siku ya wazazi. Scholastika alipompelekea ya Felista, aliishika kwa vidole viwili.

"Mwalimu Scholastika, mtu haachwi na miguu yake. Na kabichi hazichungwi. Wazazi watasema hatuwafundishi watoto." Akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Nilitembea kwa haraka kwenda sokoni nikiwa nimebeba kabichi.* "Hiki ndicho Kiswahili."

"Ni Kiswahili, Mwalimu Mkuu. Ila ni chako."

Benedikto akanyanyua uso. Hakuzoea kujibiwa hivyo.

Scholastika akaliweka daftari mezani na kumwonyesha. "Tazama nilichogusa. *Zangu* imekuwa *yangu*. *R* imekuwa *l*. *Na baki* na *na chunga* yameunganishwa na kupata wakati wake. Na mkato huu. Sarufi yote imenyooka. Nionyeshe kosa lililobaki, nami nitalifuta."

Benedikto aliisoma kimya, mdomo ukicheza. Alitafuta kosa kwa dhati, maana alikuwa mtu wa haki. Hakulipata.

"Lakini ni maneno ya kitoto," alisema mwishowe.

"Ana miaka kumi."

Akaguna. "Haya. Nitaisoma mimi mwenyewe, bila kutaja jina. Wazazi wakicheka vibaya, lawama ni yako."

Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili baada ya misa. Akina mama walikaa kwenye nyasi mbele ya shule, wanaume wakasimama nyuma na kofia mikononi. Mama Rosa alikuwa pembeni, hakujua kusoma, na hakutazamia kusikia chochote kinachomhusu. Scholastika alisimama mlangoni mwa darasa.

Benedikto akasoma insha kwa sauti yake ya kanisani. Alipofika kwenye miguu iliyotangulia sokoni, mama mmoja akacheka, halafu mwingine, kicheko cha mtu anayeijua njia. Alipotamka *nikichunga kabichi*, Mama Rosa akasimama wima.

"Huyo ni Felista!" alisema kwa sauti. "Ni mwanangu huyo! Ndivyo anavyosema akiwa njiani!"

Watu wakageuka. Felista akajifunika uso kwa mikono, lakini vidole vilikuwa wazi, akichungulia.

"Amesema vile vile?" aliuliza Benedikto.

"Vile vile, Mwalimu. Ila umesoma vizuri zaidi ya anavyosema nyumbani." Akageuka kwa wenzake. "Kumbe maneno yake yanaandikika!"

Vigelegele vikapanda. Wanaume wa nyuma wakaomba kusomewa tena, na Benedikto akaisoma tena, safari hii akikawia pale kwenye kabichi, kama mtu anayeonja.

Scholastika hakupiga makofi. Alisimama tu pale mlangoni, akimwangalia Mama Rosa anavyolipokea daftari kwa mikono miwili na kupapasa mistari asiyoweza kuisoma.

Benedikto akamjia akiwa amekunja ile karatasi yake. "Jumatatu," alisema, "njoo na penseli yako darasa la nne. Nina insha arobaini, na zote zinafanana na mimi."

Wiki iliyofuata Felista alileta kurasa nne badala ya moja. Zilikuwa na makosa ishirini na sita. Mwalimu Scholastika aliyahesabu kwa furaha, akaichonga penseli, akamwita mtoto aje akae karibu.