Mama Nirudie na Chungu cha Bibi wa Bujonde

Hapa soko la Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, akina Felista wapo wengi. Anayemtafuta huyu wa vyungu anauliza Mama Nirudie, na ataonyeshwa hata na mtu asiyemjua kwa jina lingine. Anakaa pale mitumbwi inapopakulia. Mimi nauza usipa mkavu, vidagaa vya ziwa letu, jirani yake, mkeka kwa mkeka, na nimemvumilia kwa miaka mingi kuliko mume wangu alivyonivumilia mimi.

Kazi yake ni ya katikati. Wafinyanzi wa Ikombe wako huko milima inapoingia ziwani, barabara hawana, na simu inakamata ukipanda mwambani. Mteja wa Kyela au Tukuyu akitaka chungu chake maalumu humpigia Felista, Felista huagiza kwa mtumbwi, na chungu huja siku ya soko. Yeye mwenyewe ni Mkisi wa Ikombe. Aliufahamu udongo kabla ya kuolewa huku, na anajua kwamba ukishaingia motoni hauna marekebisho. Ndiyo maana hapokei agizo mpaka amelirudia kwa aliyelitoa. "Ngoja nirudie," anasema, na hapo mimi huanza kupanga upya usipa wangu ili nisitukane.

Mimi ni mtu wa haraka. Mtu akisema anataka usipa, nampimia, anaondoka. Kwa Felista mteja anasema anataka chungu, anajibiwa, "Umesema chungu. Cha kupikia au cha maji? Nirudie: cha kupikia, cha mboga, si cha ugali. Ni hivyo?" Nimewahi kumwambia kwamba akifika mbinguni atamrudia Mtakatifu Petro maneno mpaka mlango ufungwe. Alicheka, akaniuliza kama nilimaanisha mlango mkubwa au ule mdogo.

Sasa nikwambie habari ya Hezroni, ndipo utaelewa kwa nini siku hizi simchokozi sana.

Ilikuwa asubuhi ya soko, na Ambakisye, mwenye mtumbwi wa Ikombe, alikuwa ameshapakia chumvi na sabuni za watu. Upepo ulikuwa unaanza kuamka na yeye hapendi kuvuka mawimbi yakishapanda. Anyitike, wifi yake Felista na mfinyanzi hodari kule Ikombe, alikuwa na udongo umekwisha kukandwa. Agizo lisingeondoka na mtumbwi ule, lingengoja wiki nzima. Hapo simu ikalia. Felista huiweka kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele za soko, kwa hiyo siri za wateja wake ni zetu sote.

"Ugonile, mama. Shikamoo. Ni Hezroni wa Bujonde, yule wa kakao."

"Marahaba, baba. Za nyumbani?"

"Salama. Nataka chungu cha maji cha mama yangu. Kikubwa, kizuri, kama kile chake cha zamani. Kilivunjika tulipomhamishia nyumba mpya."

"Ngoja nirudie. Chungu cha maji, cha mama yako, kikubwa, kizuri, kama cha zamani. Hayo nimeyapata. Ambacho sijapata ni hicho cha zamani. Sikukiona. Kilikuwaje?"

"Kikubwa tu, mama. Wewe unajua vyungu. Nakuamini."

"Kikubwa cha kuingia ndoo nzima?"

"Ndiyo, mama."

"Au zaidi ya ndoo?"

"Ndiyo, mama. Hata zaidi."

Ambakisye akapiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia. Nami nikamwambia Felista, "Mtu amesema ndiyo mara mbili, unataka akuapie?"

Ninajua angenijibu nini, maana amenieleza mara nyingi. Kwetu mtoto aliyelelewa hambishii mtu mzima. Ukimwuliza "umeelewa?" atasema ndiyo, na ukimwuliza "ni hivyo?" atasema ndiyo vilevile, kwa heshima tu. Ndiyo ya namna hiyo ni salamu, si jibu. Kwa hiyo Felista akitilia shaka haulizi tena. Anaeleza anachokwenda kufanya, kitu kwa kitu, mpaka mteja akione kwa macho ya moyo na kushtuka mwenyewe kama si chenyewe.

"Basi, baba, sikiliza ninachoagiza, ukiona kosa unikatishe," alisema. "Namwambia Anyitike afinyange chungu cha kunipita goti nikisimama. Tumbo pana, shingo ndefu, mdomo mwembamba ili vumbi lisiingie. Kipakwe nakshi nyeupe na nyekundu. Mtakiweka jikoni, na anayetaka maji atakiinamisha amimine. Ndicho?"

"Akiinamishe?" Hezroni akauliza. "Mama hawezi kuinamisha chungu, mama. Yeye haoni sasa. Macho yamekwisha."

"Pole, baba. Hilo sikulijua. Nani atachota?"

"Wake zetu watamchotea."

"Haya, nirudie. Chungu ni cha mama, ila mama hatachota. Kina nakshi, ila mama hataziona. Kitakuwa kama kile cha zamani. Hapo ndipo sielewi. Mama mwenyewe amesemaje?"

Hezroni alikohoa. Ni mtu mkubwa huko kwao, ana mashamba ya kakao na anatoa mchango mzuri kanisani, wala hakuzoea kuulizwa hivi na mwanamke wa sokoni. Nilidhani atakata simu.

"Hatujamuuliza," akasema. "Tulitaka kumfurahisha tu."

"Mpe simu, baba. Naomba."

Tukasikia miguu ikitembea, mlango ukifunguliwa, kisha sauti ya kikongwe, nyembamba lakini imenyooka. Alikuwa Bibi Tusajigwe. Felista alimsalimu kwa Kinyakyusa mpaka salamu zikaisha zote, huku Ambakisye akiutazama upepo na mimi nikimtazama Ambakisye. Kisha akamweleza agizo lilivyofika.

"Kikubwa?" Bibi akasema. "Nani kasema kikubwa? Kile changu kilikuwa kidogo, mwanangu. Kilikaa chini kando ya kitanda, juu ya ngata ya majani. Nikinyoosha mkono nakigusa. Nikisikia kiu nachota. Sasa wana ndoo ya plastiki jikoni, na jiko liko mbali, lina ngazi. Wakwe zangu ni wazuri, hawaninyimi. Ila wana kazi zao. Naona haya kuita watu kila saa, basi siku nyingine nakaa nayo tu kiu yangu."

Niliacha kupanga usipa. Nilimfikiria mama yangu, na niliona uchungu, sitaficha. Mwanamke amezaa, amelima mpunga mpaka mgongo ukapinda, halafu anakaa na kiu ndani ya nyumba ya matofali ya mwanawe kwa sababu ya haya.

Nilidhani sasa Felista atasema "nimeelewa, bibi," kwa maana hata mimi nilikuwa nimeelewa. Wapi.

"Bibi, ngoja nirudie nisije nikakuharibia. Chungu kidogo, cha kukaa chini kando ya kitanda. Wewe umekaa kitandani, mdomo wake ufike usawa wa goti lako."

"Ee."

"Mdomo mpana, mkono uingie mpaka kwenye kiwiko."

"Hapana. Mpana hivyo kikombe kitanitoroka humo ndani. Upite mkono na kikombe, basi. Ukingo nausikia kwenye kifundo cha mkono, ndipo najua nimefika katikati."

"Mkono na kikombe, ukingo uguse kifundo. Nakshi za kupaka siagizi, bali za kuchora kwenye udongo, uzisikie kwa vidole. Zizunguke shingo yote."

"Hapana, mwanangu. Upande mmoja tu. Upande wangu. Mtu akifagia akakisogeza, nikipapasa nisikute mistari, najua kimegeuzwa, nakirudisha. Ikizunguka yote itaniambia nini?"

"Upande mmoja tu," Felista alisema taratibu. "Hilo nisingelijua hata kidogo."

"Utajuaje? Wewe unaona." Kisha Bibi akacheka. "Umenisikia vizuri. Ndaga fijo, asante sana."

Ile haikuwa ndiyo ya heshima. Mtu aliyesema hapana mara mbili, akija kukubali, unajua amekubali.

Felista alishuka majini na kanga yake ikilowa, akaushika mtumbwi wa Ambakisye. Alimwambia agizo, kisha akamlazimisha naye alirudie. Ambakisye alinung'unika kwamba anabeba chumvi, habebi mahubiri, lakini alirudia. Alisahau ule upande mmoja. Akarudia tena, safari hii akaupata, na Felista akamwongezea kwamba mistari ichorwe udongo ukiwa bado mbichi, kabla ya kuanikwa kivulini, maana ukikauka hauchoreki, utapasuka. Ndipo akamwachia, na mtumbwi ukaondoka kwenye mawimbi madogo yaliyokuwa yameanza kuwa makubwa.

Soko lililofuata chungu kilikuja katikati ya vile vikubwa vya nakshi nyeupe, na kwa kweli kilionekana kama mtoto aliyevaa nguo za kushindia siku ya harusi. Kifupi, chekundu cha kawaida, kimelainishwa kwa kokoto mpaka kinateleza mkononi, na mistari ya kukwaruza upande mmoja wa shingo kana kwamba mfinyanzi ameitwa kula akaacha kazi. Mnunuzi mmoja kutoka mjini aliuliza kama ni kibovu apunguziwe bei. Felista alifumba macho, akakaa chini, akapapasa, akaingiza kikombe. Akatikisa kichwa kukubali.

Hezroni alipokuja kukichukua alikitazama muda mrefu. Nilimwona anaona haya kidogo, tajiri mzima kupeleka nyumbani kitu kidogo vile. Lakini alikifunga kwenye kitenge, akakipakata kwenye pikipiki, akamwonya dereva aende polepole.

Alirudi baada ya masoko kadhaa. Hakuja kununua. Alimletea Felista mkungu wa ndizi na mchele wa Kyela, ule wenye harufu yake, akasimama pale kwenye mikeka yetu kama mtu aliyesahau alichofuata. Felista alimpa kigoda.

"Anakitumia?" akamwuliza.

"Anakitumia. Hataki mtu akiguse, hata kukijaza anasimamia yeye." Hezroni alivua kofia akaishika magotini. "Juzi nimetoka shambani, nimepita chumbani kumsalimu. Akasikia nilivyochoka, akasema, kaa hapo. Nikakaa. Akapapasa ile mistari, akachota, akanipa kikombe kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinipa zamani nikitoka shule. Tangu macho yalipokwisha, ni sisi tu tulikuwa tunampa vitu. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye anaweza kunipa."

Mimi nikamwuliza kama maji yenyewe yalikuwa ya baridi, maana mdomo wangu haujui kutulia.

"Ya baridi," Hezroni akasema. "Wala sikuwa na kiu, nilikuwa nimekunywa njiani. Nilikunywa yote."